Shangazi Anajibu: Jumamosi Hii Nani Atalala Zamu Yangu?

*Shangazi, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Kadutu, upande wa Nyamugo. Jumamosi ijayo mdogo wangu anatolewa mahari, na ratiba ukutani inasema usiku huo ni wangu. Tangu wiki iliyopita nimemwambia mwenzangu kwamba Jumamosi nina shida kidogo. Akanijibu, "Tutaona." Juzi nilimkumbusha, akacheka. Je, nishone kitenge? — Mwenye Hamu*

Mwanangu, usimpelekee fundi kitambaa bado. Wewe ulimpa yaya huyo habari, hukumwomba kitu. "Shida kidogo" inaweza kuwa jino. Hajui unataka usiku mzima au saa mbili, hajui atapata nini, na hajui hata kama anaruhusiwa kukataa. Ndiyo maana amecheka. Na kama umewahi kumwambia mwenye nyumba kwamba bati linavuja, unajua "tutaona" ya Kadutu hutengeneza mabati mangapi.

Kabla ya kufungua mdomo tena, nenda ukasimame mbele ya ile ratiba. Ondoa kwanza aliyelala zamu Ijumaa, kwa sababu atakuwa hajafumba macho. Ondoa na anayeanza kazi Jumapili asubuhi. Kisha ujiulize ni nani kati ya waliobaki anayeweza kuzalisha peke yake. Kuna wenzako wazuri sana wa kufunga vidonda na kugawa dawa, lakini usiku wa manane mama akiteremshwa kutoka Cimpunda na uchungu umeshika, anatakiwa mtu wa kujaza patografu, kusikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, na kuchoma oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Ukimweka asiyejua hayo, umekifunga kituo huku taa inawaka.

Tuseme amebaki yuleyule yaya aliyecheka. Sasa tafuta cha kumpa, na hapo ndipo wengi wenu mnakuwa bahili. Usiku wa Jumamosi haulipwi kwa usiku wa Jumanne hata kama saa ni zilezile. Anayelala Jumamosi anatoka Jumapili asubuhi macho mekundu, watoto wanamsubiri kwa misa, na sokoni bado hajafika. Mpe Jumamosi yake ijayo, au mpe usiku mmoja wa katikati ya wiki pamoja na kitu juu yake. Bora zaidi, lipa kwanza. Kama Jumatano ni yake, ilale wewe. Ikifika Jumamosi huna deni, na kusahau kwake kutakuwa kugumu kidogo.

Pesa, hapana. Najua wapo wanaotoa dola. Mwezi huu unampa tano, mwezi ujao anataka kumi, na yule mdogo asiye na kitu anaishia kulala Jumamosi zote za mwaka. Ila nauli ya moto umpe, na chakula cha usiku pia: bugali na sambaza ndani ya sahani iliyofunikwa vizuri. Hiyo si bei, ni adabu.

Kisha mwandikie. Kwa mdomo, mnakutana mlangoni yeye anakimbilia mgonjwa, na baadaye kila mtu anakumbuka maneno yake. Mimi ningeandika hivi:

*"Yaya, shikamoo. Naomba unilalie zamu yangu ya Jumamosi hii, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu Jumapili asubuhi. Mdogo wangu anatolewa mahari. Mimi nitalala yako ya Jumatano hii, na chakula cha Jumamosi nitakuletea. Kama haikufai, niambie tu, sitakasirika. Naomba jibu kabla ya Jumanne saa sita mchana. Nisipolipata, nitahesabu umeshindwa na nitamwomba mama wa maternite. Naye akishindwa, nitahudhuria sherehe mchana na kuingia zamu mwenyewe jioni."*

Angalia sentensi mbili za mwisho, mwanangu, kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Umemwonyesha kwamba akikataa dunia haianguki, kwa hiyo hana haja ya kukuambia "tutaona" ili asikuumize. Na wewe mwenyewe umejua kimya maana yake nini. Kimya ni hapana, na Jumanne mchana unaanza kumtafuta wa pili badala ya kungoja Jumamosi huku moyo unadunda. Lakini usiandike njia ya akiba ambayo huwezi kuifuata. Kama sherehe ni Kabare na mvua ikinyesha hutaweza kurudi kabla ya giza, usiahidi kuingia jioni. Sema utaomba ruhusa kwa titulere, kisha kweli uiombe.

Akikubali, kazi haijaisha. Nendeni wote wawili kwa titulere, ratiba ibadilishwe na nyote mtie sahihi. Jina lililo ukutani ndilo litakaloulizwa asubuhi. Mtu akipatwa na jambo usiku huo na jina bado ni lako, usije ukasema ulikuwa unacheza ngoma.

Jumamosi jioni, kama ni wewe unayemkabidhi, usimwachie funguo chini ya jiwe. Mpitishe kitanda kwa kitanda: huyu alijifungua saa nane, damu yake iangaliwe, yule dozi yake ni saa nne usiku. Mwonyeshe vifaa vya kuzalishia vilivyochemshwa, na mfungue friji pamoja, kwa sababu oksitosini inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu mnaujua. Akichelewa, hutoki. Vaa kitenge chini ya blauzi nyeupe ukipenda, lakini hutoki.

*Shangazi, mimi ni sentineli kwenye depo karibu na soko la Kadutu. Mwezi uliopita nililala zamu mbili za mwenzangu, akasema "nitakukumbuka." Sasa mimi nina msiba, naye anasema alikwisha kunilipa bia. — Aliyekesha*

Pole kwa msiba, baba. Kuhusu deni, chupa uliinywa, kwa hiyo usiku mmoja umekwenda. Niamini, hata wazee wa barza wangehukumu hivyo. Omba ule mmoja uliobaki, taja tarehe, na mwambie patron leo hii kwamba asipofika utaweka shemeji yako anayejulikana pale. Depo bila mtu usiku mmoja, asubuhi wewe ndiye mwizi. Siku nyingine "nitakukumbuka" iwe na tarehe ndani yake kabla hujafungua chupa.

*Shangazi, mimi ndiye wanayemwomba kila mara kwa sababu sina mume wala mtoto. Nikikataa wananinunia. — Wa Nkafu*

Binti yangu, usikatae yote wala usikubali yote. Jibu siku hiyohiyo, na utoe kipande: "Usiku mzima siwezi, lakini nitakushikia mpaka saa tatu, ukimpata wa kuendelea." Halafu uombe na wewe. Chagua Jumamosi moja ya mwezi ujao, andika ujumbe kama ule wa hapo juu, umtumie yule anayekuomba kuliko wote. Ukiulizwa una shughuli gani, sema unalala.