Hotuba ya Bingwa wa Mistari Miwili

Kaeni wima. Mbele yenu amesimama Daktari wa Ufupisho, shahada niliyojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu Nairobi nzima mwenye uwezo wa kunitahini. Tangu Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga itoke mwaka 2012, kila mwenye kompyuta anajiona fundi wa manukuu. Leo nawaumbua.

Twendeni Kencom, tupande 46 ya Kawangware. Katika filamu yetu, mama mmoja anatabasamu kwa adabu ya kutisha na kusema: “Samahani kondakta wangu, si kwamba nakudai, la, lakini ile mia niliyokupa pale Kencom bado inatafuta chenji?” Herufi 108, nafasi na alama zikiwemo, kwa sekunde 5. Skrini inabeba mistari miwili, kila mmoja herufi 42. Na mimi humpa msomaji herufi 13 kwa sekunde, maana analo pia tabasamu la kutazama. Kwa hiyo ninazo 65 tu.

Mwanagenzi mmoja akaniletea: “Nipe chenji yangu!” Herufi 18. Nikamtoa nje. Mama hakuamrisha, amemchoma kijana bila kuvunja heshima, na abiria wote wanacheka. Asiyesikia sauti atajiuliza wanacheka nini. Isitoshe, kondakta anajibu: “Mama, hata mimi naitafuta.” Anatafuta nini, ikiwa umefuta neno alilolidaka?

Ndiyo maana mimi huanza na jibu, kisha narudi nyuma kuona limeshika wapi. Hapa limeshika “inatafuta”, hilo haliguswi. “Si kwamba nakudai” ndiyo sindano yenyewe, nayo inabaki. “Samahani kondakta wangu” iko usoni pa mama na masikioni pa anayesikia. Naifuta bila machozi. “Niliyokupa pale” inajieleza. Tazameni, na mnaruhusiwa kupiga makofi:

Si kwamba nakudai, lakini
ile mia ya Kencom bado inatafuta chenji?

Mstari wa kwanza 25, wa pili 40. Jumla 65! Na sikuikata “ile mia” na kuacha “ya Kencom” ikining'inia mstari wa chini, kama wafanyavyo jirani zangu wa Lavington.

Hata hivyo, ukiitoa mistari yote miwili kwa mpigo, ukumbi utacheka kabla mama hajafika kwenye chenji. Basi naitenganisha pale anapovuta pumzi: wa kwanza unatoka, wa pili unaingia na kubaki kitambo baada ya yeye kufunga mdomo. Kondakta asubiri kidogo.

Kisha zimeni sauti, mtazame upya. Mkicheka wakati mmoja na abiria, kazi imekwisha.

Maswali sipokei. Juzuu zangu nne kuhusu sentensi hii zinauzwa mlangoni. Sipunguzi bei wala kurasa.