Mpendwa Mteja, Tafadhali Subiri

Kila jioni saa kumi na mbili, mvua ikishachoka kutupiga mawe, mimi hufungua duka. Si duka la hapa Litein. Liko Nairobi, linauza viatu vya kina mama mtandaoni, na kaunta yangu ni simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Mpaka saa nne usiku najibu ujumbe wa wateja kwenye WhatsApp Business. Kibarua cha kupokea simu nilikikataa kwa sababu ya mabati. Mvua ya huku ikianza, hata mama akiniita kutoka jikoni tunaishia kuonyeshana kwa mikono.

Mwenye duka ana sheria moja: jibu la kwanza lisizidi dakika mbili. Kila Jumatatu anatutumia orodha ya nani alijibu haraka na nani alilala. Ili tusilale, ametuwekea majibu yaliyopikwa tayari. Unaandika `/pole`, unagusa, na aya nzima inamwagika kwa heshima ambayo sijawahi kumpa mtu ana kwa ana. Zote zinaanza na "Mpendwa mteja".

"Mpendwa?" mama aliuliza, akisoma begani mwangu. "Na mke wako anajua?"

Jumanne iliyopita, saa moja na dakika kumi, dada mmoja akaandika: "Nimelipa 2,500. Namba 38, nyeusi." Chini yake akaweka namba ya muamala wa M-Pesa. Nikaitafuta kwenye orodha ya malipo. Haimo. Wateja wengine wawili walikuwa wananigongea, basi nikagusa `/malipo`: "Mpendwa mteja, malipo yako hayajaonekana. Tafadhali hakikisha umelipa." Nilitumia sekunde arobaini. Nikajipongeza kwa funda la chai.

"Kwa hivyo mimi ni mwongo?"

`/pole`. "Mpendwa mteja, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

"Sijaona usumbufu, nimeona wewe. Angalia vizuri."

Hapo stima ikapotea, ruta ikafa nayo, nikahamia bando la simu linalokwenda kwa mwendo wa konokono. Niliporudi hewani, kwa kuchanganyikiwa, nikagusa `/pole` tena. Neno kwa neno.

"Hiyo pole ulinipa tayari," akajibu.

Sina utetezi. Pole ya kwanza mtu anaweza kuipokea. Ya pili, ikiwa na nukta na mkato palepale, inamwambia kwamba hakuna aliyesoma alichoandika. Naye angekuwa amekosea wapi? Ni kweli sikuwa nimesoma.

Basi nikasoma. Namba ya M-Pesa ina herufi na tarakimu kumi zikichanganyika. Ya kwake ilikuwa na kiduara katikati. Alikuwa amekiandika sifuri, lakini je, kama ni herufi O? Nikaandika kwa mikono yangu mwenyewe, bila mkwaju wala mpendwa: "Dada, nisamehe. Nisambazie ule ujumbe wa M-Pesa kama ulivyokuja, usiuandike upya. Nakujibu kabla ya saa mbili kasorobo." Akausambaza. Ilikuwa O. Pesa zilikuwa zimeingia kabla hata hajatuandikia, zimetulia kwenye orodha zikinitazama.

Saa ilikuwa moja na dakika thelathini na sita. Dakika ishirini na sita za mtu kuitwa mwongo kwa adabu. Na Jumatatu, kwenye orodha ya mwenye duka, nikatokea wa kwanza! Kipimo chake kinahesabu jibu la kwanza tu. Mteja alisaidiwa lini, hakuna safu ya kuandika hilo.

Nilimsimulia mama, nikitarajia huruma. Yeye amekuwa akichuma chai tangu sijazaliwa. "Ndiyo zile gunia zinazojaa haraka," akasema. "Karani akitia mkono ndani anatoa majani magumu, anakurudishia uanze kuchambua upya kwenye matope." Akaendelea kusonga ugali.

Usiku ule nilibadilisha `/malipo` kimyakimya. Sasa inasema: "Bado sijaiona kwa upande wangu." Kosa linabaki kwangu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kisha inaomba ujumbe halisi wa M-Pesa, na mwishoni nimeacha nafasi ya saa, ambayo lazima niijaze mwenyewe. Ina hatari yake: juzi niliituma bila kujaza, mteja wa Kisumu akaahidiwa jibu "kabla ya saa ____". Akauliza kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu.

Yule dada viatu vilimfikia Alhamisi. Nikamwandikia kumuuliza kama vimemtosha. Tiki zikawa za bluu. Dakika moja, tano, kumi na tano. Mtu wa dakika mbili nimekaa nasubiri kama nimetuma posa.

"Sawa."

Na nukta. Nimeitazama nukta hiyo jioni nzima. Ni sawa ya kuridhika, au ni ile ambayo mke wangu huniambia akiufunga mlango? Saa nne kasoro dakika tano, simu ikalia tena.

"Kuna namba 39? Hizi zinabana."