Jinsi ya Kufungiwa Akaunti ya Kubeti kwa Hatua Nne

Kampuni ya kubeti haimfungii mtu kwa sababu ameshinda. Aliyepatia mkeka wa mechi tano huachwa aendelee, tena hupongezwa. Kama kampuni inajikatia asilimia 5 kwenye odi ya kila mechi, mechi tano zikiunganishwa makato yanakaribia asilimia 23. Mteja wa namna hiyo akiendelea kubeti, pesa zitarudi zilikotoka.

Anayefungiwa ni yule anayechukua odi kubwa kuliko zile zinazobaki mwishoni, kipenga cha kuanza mechi kinapokaribia kulia. Tuseme umechukua timu ya nyumbani kwa 2.30, kisha odi ikashuka hadi 2.00. Odi ya mwisho inasema timu hiyo ina nafasi karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo kila shilingi 10,000 unayoweka kwa bei ya 2.30 ina thamani ya takriban 11,500. Hata mechi hiyo ukipoteza, kampuni imeshaona kwamba ulipata bei bora kuliko ya mwisho. Ukirudia mara kadhaa, siku moja utaandika dau la 10,000 na skrini itakujibu kwamba mwisho wako ni 300.

Basi anayetaka kufika huko haraka afuate hatua hizi. Asiyetaka, azigeuze.

1. Vizia odi iliyochelewa kushuka. Mwaka 2017 Lisandro Kaunitz, Shenjun Zhong na Javier Kreiner walichapisha utafiti wao. Hawakuchambua wachezaji wala fomu ya timu. Walilinganisha odi za kampuni nyingi, wakatafuta wastani, kisha wakabeti kwenye kampuni iliyotoa odi iliyozidi wastani huo kwa kiasi cha kutosha. Kwa pesa halisi walibeti mara 265 ndani ya miezi mitano, wakapata faida ya zaidi ya dola 950. Baada ya hapo kampuni zilianza kuwapunguzia madau, wakalazimika kuacha. Kuligeuza hili ni kuziacha odi zilizopotoka mno, zile ambazo kila mtu anaona ni kosa. Hizo huvuta macho ya wakaguzi, na mara nyingi masharti yanairuhusu kampuni kuifuta beti yenyewe.

2. Weka dau la 9,473. Dau kama hilo hutoka kwenye kikokotoo cha mtu anayegawa pesa katika kampuni mbili ili apate faida matokeo yawayo yote. Kuligeuza hili, weka 9,000 au 10,000, kama wanavyofanya wengine.

3. Ng'ang'ania ligi za pembeni, tena mapema. Kona za daraja la pili, asubuhi odi zinapotoka tu, ndipo kampuni haina uhakika na bei zake, kwa hiyo hulinda soko hilo kwa ukali. Kinyume chake, soko la mshindi wa mechi kwenye ligi kubwa, saa chache kabla ya mchezo, hubeba madau makubwa na beti yako haionekani sana. Ubaya wake ni kwamba huko odi zimenyooka, na faida ni nyembamba.

4. Ingia kwa bonasi, toka na pesa. Akaunti inayoamka siku za ofa tu, na kutoa salio kila inaposhinda, inajieleza yenyewe. Kuligeuza hili, acha salio kidogo, na usichukue kila ofa.

Wengine hushauri kuweka mikeka ya kujificha ili uonekane mteja wa kawaida. Piga hesabu kwanza. Kama faida yako ni asilimia 3, dau la 10,000 linakuletea wastani wa 300. Beti ya kujificha ya kiasi hichohicho, kwenye makato ya asilimia 5, inakula 500. Umejificha kwa hasara. Wala usitumie akaunti ya shemeji au jirani: masharti hukataza, na ikigundulika ushindi wote unaweza kuzuiwa.

Hatua hizi huchelewesha tu. Anayeshinda kwa kudumu huhitaji soko la kubadilishana beti, kama Betfair lililoanza mwaka 2000, ambapo wateja hubeti wenyewe kwa wenyewe na mwenye soko hukata kamisheni kwa mshindi. Au huhitaji sheria: New South Wales, Australia, tangu 2014 kampuni haziruhusiwi kukataa madau ya mbio za farasi yaliyo chini ya kiwango kilichowekwa.

Kabla ya yote, andika odi ya kila beti yako, na kando yake odi ya mwisho. Zikifika 100, linganisha. Kama kwa kawaida odi zako ni ndogo kuliko za mwisho, mwongozo huu haukuhusu: hakuna atakayekufungia, na sababu ni kwamba wewe ndiye unayewalipa. Hapo funga akaunti mwenyewe.