Hesabu ya Shilingi Ishirini na Tisa

Ada, kwa maana inayotumika katika insha hii, ni kiasi anachokatwa mwenye akaunti ya pesa za simu kila fedha zake zinapohama, ama kwenda kwa mtu mwingine, jambo linaloitwa kutuma, ama kugeuka noti mkononi mwa wakala, jambo linaloitwa kutoa. Kuweka, yaani kumkabidhi wakala noti zikageuka tarakimu kwenye simu, hakutozwi kitu, na bure hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi wenye akili timamu, akiwemo mwandishi wa insha hii, waamini kwamba huduma nzima inakaribia kuwa ya bure. Viwango vinavyotajwa hapa ni vya M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Kenya mnamo Machi 2007, kama vilivyopangwa baada ya ushuru wa bidhaa unaotozwa juu ya ada hizo kupandishwa kutoka asilimia 12 hadi asilimia 15 mnamo Julai 2023.

Mwandishi, mkazi wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, aliamua kujumlisha mwezi mmoja mzima wa mambo hayo, si kwa sababu ya kupenda hesabu, ambayo haijawahi kumpenda yeye, bali kwa sababu mwezi ulikuwa ukikaribia kwisha na shilingi 36,000 alizopokea hazikuonekana zilikopita. Aliomba taarifa ya akaunti, yaani orodha ya kila muamala wa mwezi, kwa kubonyeza *334#, nayo ikamfikia kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri iliyotumwa katika ujumbe mfupi, ujumbe ambao mwandishi alikuwa ameshaufuta pamoja na matangazo ya kamari. Ilibidi aombe upya.

Taarifa hiyo ina safu mbili zinazohusika zaidi, moja yenye kichwa `Paid In` kwa fedha zilizoingia, na nyingine yenye kichwa `Withdrawn`, ambayo mwandishi aliifasiri kuwa ni fedha alizotoa kwa wakala. Jumla ya safu hiyo ilikuwa shilingi 41,820, na kwa muda wa chai moja ya tangawizi aliishi akiamini kwamba ametoa noti za kiasi hicho na kwamba kuna mtu nyumbani anayepaswa kuulizwa maswali. Kumbe safu hiyo hubeba kila kilichotoka, kiwe kimetolewa, kimetumwa, kimelipiwa dukani au kimekatwa kama ada. Ada yenyewe haichanganywi na muamala uliouzaa, bali huandikwa katika mstari wake, ukiwa na nambari ileile ya risiti na maneno kama `Withdrawal Charge` au `Customer Transfer of Funds Charge`. Kwa hiyo anayetaka kujua gharama huitafuta mistari hiyo tu, huitia alama kwa kalamu, kisha huijumlisha kando.

Safu ya fedha zilizoingia nayo ilikuwa na hila yake, kwani ilionyesha shilingi 42,000, hali mapato ya mwezi yalikuwa 36,000. Zile 6,000 zilizozidi hazikuwa baraka, bali ni noti za mwandishi mwenyewe alizozitoa, akazibeba mfukoni, akabadili nia na kuzirudisha kwa wakala. Mfano ulio wazi ni wa fundi bomba. Mwandishi alitoa 5,000 kwa ada ya shilingi 69 ili amlipe fundi huyo 4,000 taslimu, na fundi, akiwa bado ameshika spana, akasema kwa upole kwamba angependelea atumiwe, kwa kuwa ana deni analotaka kulilipa kwa simu papo hapo. Mwandishi akarudi kwa wakala, akaweka 4,000 bure, akatuma 4,000 kwa shilingi 57, na wakala, ambaye ni mtu wa heshima, hakusema neno ila alimtazama kwa jicho la daktari. Safari hiyo iligharimu shilingi 126, ilhali kumtumia fundi moja kwa moja na kutoa ile 1,000 iliyobaki kungegharimu 86.

Hata hivyo, fundi bomba hakuwa donda kuu la mwezi huo. Ada ya kutoa haipandi pole pole kadiri fedha zinavyoongezeka, bali hupanda kwa ngazi, na ngazi inayomhusu zaidi mtu wa kipato cha kawaida huanzia shilingi 101 hadi 2,500, ambapo ada ni 29 kwa kiasi chochote kilichomo. Anayetoa 2,500 hukatwa 29, na anayetoa 500 hukatwa 29 ileile. Kisiwani, ambako katika baadhi ya mitaa wakala yuko karibu kuliko kisima cha msikiti, mtu hana sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kutoa, na mwandishi alikuwa amejiwekea hata falsafa ya kuipamba tabia hiyo: kwamba anayetoa kidogo hutumia kidogo. Taarifa ilionyesha kwamba alitoa 500 mara 14. Kwa kupata shilingi 7,000 alikatwa 406, ilhali angetoa 2,500 mara mbili na 2,000 mara moja angekatwa 87. Ile tofauti ya shilingi 319 ndiyo bei ya falsafa.

Upo pia ukingo wa ngazi, yaani pale shilingi moja ya ziada inapomrusha mtu kwenye ada nyingine. Mara mbili katika mwezi huo mwandishi alihitaji 2,500 za sokoni Marikiti, na mara zote mbili akaongeza 100 ya tuktuk ili asirudi na mzigo jua kali. Kutoa 2,600 ni shilingi 52, hivyo kila shilingi 100 ya tuktuk ilimgharimu 23 kabla dereva hajaanza kudai kwamba safari ni 150.

Ukingo huohuo una sura nyingine yenye huruma zaidi. Desturi ya Wakenya ni kwamba anayemtumia mzazi au mgonjwa huongeza “na ya kutoa”, yaani ada atakayokatwa mpokeaji atakapofika kwa wakala, ili kiasi kimfikie kamili. Mamake mwandishi, anayeishi Lamu, hukumbusha jambo hilo kwa namna isiyojibika: “Mwanangu, zile elfu mbili na mia tano zikifika na ya kutoa, nitakuombea dua mbili.” Mwandishi akatuma 2,529. Kutuma 2,500 ni shilingi 33, lakini 2,529 imeshavuka ukingo na hutozwa 53, kwa hiyo shilingi 29 za adabu zilizaa nyingine 20 za ujinga. Kwa kuwa kutuma shilingi 100 au chini yake hakutozwi ada, angeweza kutuma 2,500 peke yake, kisha 29 peke yake, na dua zote mbili zingefika kwa shilingi 33. Ikumbukwe pia kwamba ile 29 haionekani kama ada mahali popote katika taarifa, kwa kuwa imejificha ndani ya kiasi kilichotumwa, na mhesabuji asiyeijua hali yake hataijumlisha kamwe.

Miamala iliyobaki haikuwa na vituko. Michango mitatu ya harusi na jamii ya karibu shilingi 800 kila mmoja ilikatwa 13 kila mara, mingine tisa ya takriban 300 ikakatwa 7 kila mmoja, na shilingi 12,200 zilizolipwa madukani kwa Lipa na M-Pesa kupitia nambari ya duka hazikumkata mnunuzi kitu. Jumla ya mistari ya ada ikawa 579 kwa kutoa na 212 kwa kutuma, yaani 791, ambamo takriban 103 ni ushuru wa serikali. Na ukiongeza ile 29 iliyojificha unapata 820.

Hapo ndipo mhesabuji mwenye haraka hukosea kwa mara ya mwisho. Ukigawanya 791 kwa 42,000 zilizopita katika akaunti, utapata chini ya asilimia 2, na mwandishi alikaribia kufunga daftari akiwa mtu mwenye furaha. Lakini hizo 42,000 zimevimbishwa na zile 6,000 zilizozunguka, pamoja na malipo ya madukani ambayo hayana ada hata chembe. Swali lenye maana ni moja: noti zilizotumika kweli ziligharimu kiasi gani kuzipata? Mwandishi alitoa 17,200, akarudisha 6,000, kwa hiyo noti zilizonunua mahamri, mbaazi, viazi karai na kahawa ya barazani zilikuwa 11,200. Na kwa kuzipata alilipa 579, zaidi kidogo ya asilimia 5. Laiti angezitoa kwa mafungu manne ya 2,500 na moja la 1,200, angelipa 145. Kuzitoa zote kwa mpigo mmoja kungekuwa 167, jambo linaloonyesha kwamba hata pupa haikuwa ghali kama uangalifu wake.

Itaulizwa kwa nini hakuwalipa wachuuzi hao kwa simu, ikiwa kutuma 80 ya mahamri na mbaazi ni bure. Jibu ni kwamba ada haifutiki, ila huhama: mchuuzi anayepokea kwenye laini yake binafsi ndiye atakayekatwa akienda kutoa ili anunue unga, na muuza kahawa wa Kibokoni analijua hilo vizuri kuliko taarifa yoyote, ndiyo maana akionyeshwa simu husema mtandao wake unasumbua, hata kama wakati huo anazungumza na mkewe kwa simu ya picha.

Taarifa hiyo yenye kurasa kadhaa haikusomeka vizuri kwenye kioo cha simu, kwa hiyo siku ya mwisho ya mwezi mwandishi aliipeleka kuchapishwa katika kiduka kimoja cha mashine za nakala, kwa bei ya shilingi 60. Hakuwa na noti. Salio lilikuwa 180, akaenda kwa wakala, akatoa 100 kwa ada ya 11, kisha akakaa kwenye benchi la nje na kuiandika ada hiyo kwa kalamu chini ya orodha, kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshatangulia kuchapishwa: 802, na 831 pamoja na ya kutoa ya mamake. Aliporudi kulipa alimuuliza mwenye mashine, kwa udadisi wa kitaaluma tu, kama hapo mtu anaweza kulipa kwa simu. Mwenye mashine alisogea pembeni, na nyuma yake ukutani kukawa na bango la kijani lenye nambari ya duka, kubwa kiasi cha kusomeka tangu ng'ambo ya barabara.