Jinsi ya Kufilisika kwa Lindo Moja la Shangani

Ukitaka kufilisika Unguja bila kuchelewa, fungua kampuni ya ulinzi, kisha mpelekee mwenye hoteli ya Shangani bei ya walinzi wawili kwa lindo la saa 24. Mmoja mchana, mmoja usiku. Mteja atafurahi, mtasaini, na tangu wiki ya kwanza utakuwa unamdhulumu mtu.

Wiki ina saa 168, yaani zamu 14 za saa 12. Wawili wakigawana, kila mmoja anafanya zamu saba: hana siku ya mapumziko, na akiugua mwenzake anakesha kisha anashinda. Ndiyo maana unapita Mji Mkongwe alfajiri unamkuta mlinzi amelala barazani, rungu limeanguka chini, na mwenye hoteli anamwita mvivu. Mvivu ni aliyepiga hesabu. Wakiwa wanne, kila mtu anapata saa 42 kwa wiki: wiki hii zamu tatu, ijayo nne. Lindo moja la saa 24 ni watu wanne, na hiyo ndiyo idadi ya kuipangia bei.

Tuchukue mfano wa lindo moja, kila mlinzi akilipwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mishahara ni 1,400,000. Mchango wa mwajiri kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, tuweke 200,000. Wa kushika zamu wenzake wakiwa likizo au wakiugua, 100,000. Sare, buti, tochi, filimbi na koti la mvua la masika, 70,000. Sehemu ya mshahara wa msimamizi na mafuta ya vespa yake, 130,000, ofisi, 100,000. Jumla milioni mbili kamili. Ongeza faida ya asilimia kumi unafika 2,200,000, na VAT ya asilimia 15 inaifanya ankara iwe 2,530,000.

Mteja atakwambia kuna kampuni inayofanya kwa milioni moja. Usibishane naye wala usishushe. Mwekee hesabu mezani umuulize ni mstari upi kampuni hiyo imeufuta. Mara nyingi ni ZSSF na watu wawili, na mlinzi anayebanwa hivyo ndiye aliyeachiwa funguo za vyumba vya wageni.

Sasa ankara imekwenda, na hapa ndipo kampuni nyingi zinapozama. Mhasibu atakupokea vizuri, atakuagizia chai. “Shekhe, mwenyewe yuko Italia, saini yake tu ndiyo inayosubiriwa. Njoo Jumatatu.” Jumatatu mwenyewe yuko njiani. Wiki ya pili mtandao wa benki uko chini. Wiki ya tatu ankara yako haionekani, lete nyengine. Wakati huo wageni wamejaa juu ya paa wanatazama jua likizama, na wamelipa kabla ya kupanda ndege.

Mteja akichelewa miezi mitatu, umeshatoa milioni sita mfukoni mwako, na faida yako kwenye lindo hilo ni 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni faida ya miezi 30 iliyokaa kwenye droo ya mtu mwengine. Juu yake kuna VAT, 330,000 kila mwezi, ambayo Mamlaka ya Mapato inaidai kwa ankara uliyotoa, mteja awe amelipa au hajalipa. Wala usiwaambie walinzi wasubiri. Mwenye duka la Ng'ambo anayewakopesha unga hajui habari za Italia.

Kinga inajengwa kabla ya kusaini. Kaa na walinzi wa kampuni inayoondoka uwaulize mshahara wa mwisho waliupata lini. Muulize anayeleta samaki kutoka Darajani kama analipwa papo hapo au anaandikiwa. Hoteli inayomzungusha muuza samaki itakuzungusha na wewe.

Kwenye mkataba dai malipo ya mwezi mmoja kabla ya mlinzi wa kwanza kusimama mlangoni, na uweke tarehe ya kulipa, siyo “mwisho wa mwezi”. Madeni yote yakusanye Agosti au Januari hoteli zikiwa zimejaa. Ukiyaacha yakafika Aprili, masika yameingia, hoteli nyingi za pwani ya mashariki zimefunga, na hata aliyetaka kukulipa hana.

Andika pia kwamba deni likipita siku 30 utatoa notisi ya siku 14, kisha utaondoa lindo. Siku ikifika, ondoa kweli. Nenda mwenyewe saa nne asubuhi, meneja akiwepo, hesabuni funguo moja moja, aandike kwenye kitabu cha lindo kwamba amezipokea, mtie saini nyote wawili, na ukurasa huo uupige picha kabla hujatoka mlangoni.