Nilibeba Jicho la Probox Hadi Embu

Fundi aliinua taa niliyomletea, akaipeleka kwenye tundu lililokuwa likiisubiri, akairudisha, akaigeuza juu chini, akaipeleka tena. Kisha akawaita wenzake. Walikuja wote, hata yule aliyekuwa chini ya lori akichomelea ekzosi. Akasema kwa upole uliouma kuliko tusi: "Mzee wangu, hii ni ya new shape." Gereji nzima hapo Embu ikacheka. Abiria waliokuwa wakingoja matatu ya Siakago ng'ambo ya barabara wakacheka pia, ingawa nina hakika hawakusikia neno.

Taa hiyo nilikuwa nimeipakata kutoka Meru. Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, kote huko ikiwa mapajani pangu, imefungwa gazeti lililochanika mapema, ikimkodolea macho kila aliyepanda. Mama mmoja aliyepandia Chuka na ndizi zake aliniuliza kama gari lenyewe linafuata nyuma.

Kisa chenyewe: ng'ombe wa Runyenjes alikuwa amelipiga teke jicho la kushoto la Probox ya shemeji. Shemeji akaniomba nimnunulie lingine Meru, kwa kuwa Meru ni makao makuu ya Probox. Anayebisha na asimame kandokando ya barabara ya Maua alfajiri ahesabu. Nikamwambia anitumie picha. Akanitumia picha ya nyuma. Nilipomuuliza mbona nyuma, akajibu kwamba mbele pameharibika, si vizuri kupapiga picha.

Hapa ndipo ninapowadai watu wa gereji ile msamaha, kwa sababu nyuma ya Probox haisemi kitu. Gari hili lilitoka Japani mwaka 2002. Katika nusu ya pili ya 2014 Toyota wakalibadilisha, lakini walibadilisha kama mtu anayenyoa ndevu na kuacha kisogo. Mbele yote ni mpya: fremu ya chini imetokana na ukoo wa Vitz, boneti mpya, bampa mpya, taa mpya. Kuanzia mlango wa mbele kwenda nyuma wameacha karibu kila kitu. Mlango wa buti ni ule ule, taa za nyuma zilizosimama wima pembeni ni zile zile. Wateja wao ni kampuni za kubeba mizigo, na mizigo haikuwa imelalamika. Kwa hiyo anayekuletea picha ya kisogo cha Probox na kuuliza ni ya mwaka gani anakupa fumbo lisilo na jibu. Kitu pekee utakachotambua huko ni ndugu yake wa zamani, Succeed, ambaye ni mrefu zaidi kwa takriban sentimita 10. Sehemu ya urefu huo utaiona kwenye bampa la nyuma lililojitokeza kama rafu.

Mbele ndiko kwenye ushahidi. Probox ya kwanza ina taa ndogo zilizokaa kila moja kwenye kona yake, na katikati yao grili yenye nembo, chini yake bampa ambalo mara nyingi ni plastiki nyeusi isiyopakwa rangi. Ya pili ina taa kubwa zinazopanda juu kuelekea mabega, ukanda mwembamba katikati yao, na grili halisi imeshuka ndani ya bampa ikawa mdomo mkubwa mweusi. Ukiona mdomo uko chini, ni ya pili. Mtu hahitaji zaidi ya hapo, mradi picha isipigwe kwa karibu. Simu ikisogezwa hadi puani mwa gari huvimbisha katikati na kuficha kona, nawe unaona grili tu, taa zimekimbilia nyuma. Rudi hatua nne au tano, chuchumaa hadi usawa wa taa, simama kwenye kona ili uone mbele na ubavu kwa pamoja.

Sasa, mimi sikuwa na mbele. Nilikuwa na kisogo na namba: KDC. Nikafanya hesabu ambayo mpaka leo naitetea. Namba za KDC zilitolewa 2021. Sheria ya kuingiza magari yaliyotumika Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8, na mwaka huo wa 2021 gari lilipaswa kuwa limesajiliwa kwa mara ya kwanza huko lilikotoka kuanzia Januari 2014. Sura mpya ilitoka 2014. Basi ni sura mpya! Mwanasheria yeyote angeshinda kesi hiyo.

Kumbe shemeji alikuwa ameingia kwenye upenyo. Gari lake lilisajiliwa Japani katika miezi ile ya mwanzo wa 2014, kabla sura mpya haijatoka. Kwa sheria ya Kenya lilikuwa changa vya kutosha kushuka Mombasa, na kwa sura lilikuwa la 2002. Fundi hakuhangaika na hesabu zangu. Alifungua boneti, akafuta vumbi kwenye kibati, akasoma: NCP51. Ya pili ya petroli, yenye injini ya 1500, ingeandikwa NCP160. Herufi tatu na tarakimu mbili, na ng'ombe mmoja, ndivyo vilivyonivua nguo mbele ya watu.

Muuza spea wa Meru naye alikuwa ameniuliza kwa sauti ya daktari: "Namba ya taa?" Taa za Kijapani huchongwa pembeni mwa kioo jina la mtengenezaji, kama Koito, pamoja na namba, na namba hiyo haidanganyi hata kioo kikipauka kwa jua. Taa nzima ya upande wa kulia ilikuwa Embu, nayo ilikuwa na namba yake. Shemeji alisema hawezi kuisoma kwa sababu miwani yake imo ndani ya gari, na gari limefungwa.

Nilipoirudisha taa Meru, nilioneshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi.

Wala si mara yangu ya kwanza kudanganywa na sura ya gari. Zamani kidogo nilimpongeza jirani kwa Prado mpya. Ilikuwa ya zamani iliyopandikizwa uso.

Nako Nkubu niliwahi kubishana kuhusu mwaka wa Hiace, kumbe bampa lilikuwa la gari lingine.

Haya yote ningeyacheka, kama si lile moja lisilochekesha. Wauzaji wa magari wanaandika "Probox ya 2021" juu ya gari kama la shemeji, kwa kuwa 2021 ndipo lilipopata namba. Shemeji alilipa bei ya sura mpya kwa gari la sura ya zamani, akatafuta spea za gari aliloambiwa si za gari alilonalo, na kila fundi anamcheka yeye, hamcheki aliyemuuzia. Mwaka wa kuundwa umeandikwa kwenye logibuku, kwenye mstari wake, wazi kabisa. Ndiyo maana siku hizi, mtu akinitumia picha ya gari la kuuza, siangalii tena taa wala grili. Namwambia aombe picha ya logibuku. Ikija na kidole gumba cha muuzaji kimelala juu ya mstari huo, toleo la gari nimeshalijua.