Barua ya Wazi kwa Meneja wa Madai: Kosa Lisilotajwa

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Madai, kampuni ya bima isiyotajwa jina,

Mteja wenu mwenye bima kubwa ya gari amepokea ilani yenu. Inamwarifu kwamba "anashukiwa kutoa taarifa zisizo sahihi" katika fomu ya maombi ya bima, na inampa siku saba ajieleze. Ajieleze kuhusu nini, ilani haisemi. Fomu ina maswali kurasa mbili. Bila shaka mmemwachia raha ya kuchagua kosa analolipenda.

Baada ya kupigapiga simu ameambulia jibu. Fomu iliuliza kama amewahi kupata ajali katika miaka mitatu iliyopita, na alama imewekwa kwenye "Hapana". Kumbe gari liliwahi kukwaruza geti la nyumbani, naye akalipia rangi kwa pesa zake. Alimsimulia wakala wenu. "Geti nalo ajali, kaka?" wakala alicheka, akaweka alama mwenyewe, mteja akasaini. Sahihi ni yake, hilo hakatai.

Lakini jibu kukosewa ni nusu tu ya shauri. Nusu ya pili ni kama mkwaruzo ule, mngeujua mapema, ungewafanya mkatae bima au mpandishe ada. Jibu hilo limo katika mwongozo wenu wa kukadiria ada, ambao mteja hajawahi kuuona. Mnamtaka aeleze kilichomo kabatini mwenu.

Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi, aliyekosea kwa uzembe bila nia ya kudanganya hapotezi kila kitu. Tuseme alilipa ada ya shilingi 700,000, na kampuni ingejua ingemtoza 800,000. Amelipa sehemu saba kati ya nane, basi hulipwa sehemu saba kati ya nane za hasara: kwa dai la 4,800,000 anapata 4,200,000. Ilani yenu inajua hesabu moja tu, sifuri.

Mmeandika pia kwamba bima husimama juu ya "uaminifu wa hali ya juu". Kweli kabisa. Kanuni hiyo ilipata umaarufu katika kesi ya Carter na Boehm, London, mwaka 1766. Gavana wa ngome moja huko Sumatra aliikatia bima dhidi ya kutekwa, Wafaransa wakaiteka, na mtoa bima akadai kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome. Jaji Mansfield alisema uaminifu unawabana wote wawili, na kwamba mtoa bima alikubali hatari huku akiweza kujua hali yake. Gavana akashinda.

Basi mwandikieni upya: swali gani, jibu gani, ushahidi upi, na ada ingekuwa kiasi gani. Mtajeni na wakala.

Jambo dogo la mwisho. Siku mbili baada ya ilani, mfumo wenu ulimtumia ujumbe wa kumkumbusha awamu ya pili ya ada, naye akalipa, nanyi mkapokea. Mwanasheria wake ameomba nakala ya risiti.